Mstari Mmoja Katika Barua ya Chumvi

Fundi Randa alikuwa na tabia moja iliyomkera kila aliyewahi kumpikia: alitia chumvi kabla ya kuonja. Sahani ikiwekwa tu mezani, mkono tayari umo koponi. Mkewe, enzi za uhai wake, alijaribu kulificha kopo hilo juu ya kabati, akasahau kwamba mumewe ni seremala na ngazi ziko tele uani.

Mwanawe wa pekee, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, alikuwa mpishi mkuu wa shule moja ya bweni, mwendo wa saa tano kwa basi kutoka kwa baba yake. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Ukoko kwa sababu aliwagawia ukoko wa wali wale waliochelewa foleni, naye aliwaacha waendelee nalo. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwepesi wa kucheka, na hakuogopa vitu vingi. Aliogopa kiharusi. Baba yake mdogo, mdogo wake Randa, alidondoka nacho akiwa ameshika msumeno, watu wakidhani ameteleza kwenye maranda. Hakusema neno tena mpaka alipozikwa mwezi uliofuata.

Kwa hiyo picha ya karatasi ya zahanati ilipoingia kwenye simu yake siku ile, ndoo ya unga mkononi, aliitua chini na kuisoma amesimama. Aliyeituma alikuwa Mama Pacha, fundi cherehani, jirani wa baba yake ukuta kwa ukuta. Miguu ya mzee ilivimba hata viatu vikamkataa, ndiyo Mama Pacha akamburuta kwenda kupimwa. Presha mia na themanini kwa mia na kumi. Figo zimeanza kuchoka. Vidonge vya aina mbili, kila asubuhi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mistari miwili: APUNGUZE CHUMVI SANA.

"Daktari ilibidi aandike hivyo," Mama Pacha alimweleza kwa simu, "maana baba yako alikuwa anaitikia tu 'naam, naam,' na hajasikia kitu."

Miaka arobaini ya mashine ya kupasulia mbao ilikuwa imeyamaliza masikio ya Randa. Simu kwake ilikuwa mapambo. Ukimpigia, anaipokea, anapiga kelele, "Mimi mzima, mama! Nyie hamjambo?" kisha anakata, akiridhika kwamba mmeongea. Ndiyo sababu bintiye, akiwa na jambo la maana, alimwandikia barua na kumpa utingo wa basi aipeleke.

Jioni hiyo Mama Pacha alipiga tena. "Tangu tutoke zahanati hajala kitu. Anasema chakula bila chumvi ni kama kutafuna karatasi ya msasa, na chenye chumvi kitamwangusha kama mdogo wake. Basi anakunywa chai kavu. Anaogopa, dada. Hasemi, lakini ukimwona utajua."

Siku ya pili, vyombo vya mchana vilipokwisha oshwa, Mama Ukoko alijifungia stoo, akakaa juu ya gunia la mchele na kuandika.

"Baba, shikamoo.

Nimesikia huli. Baba, umeambiwa upunguze chumvi, hukuambiwa upunguze kula. Mimi nalisha watoto mia nne, na mtoto ukimpa chakula kisicho na ladha hakwambii, anakimwaga tu chini ya dirisha. Kwa hiyo nisikilize, hili ndilo ninalolijua.

Kwanza, kopo la chumvi mpe Mama Pacha leo hii. Usilihamishe, lipeleke kwake. Na ujue kwamba chumvi haikai koponi tu. Vile vidonge vya kutilia mchuzi ni chumvi tupu iliyovaa koti la kuku. Samaki wa kukaushwa kwa chumvi, soseji, hata mkate, imo. Na magadi unayotia kwenye maharage ili yaive haraka nayo ni ndugu yake chumvi, mwili hauoni tofauti. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yamwage, yachemshe polepole bila kitu. Una haraka gani? Wateja wako wamezoea kungoja.

Sasa ladha. Kitunguu usikikaange kwa pupa. Kikate chembamba, moto mdogo, mafuta kidogo, ukikoroge mpaka kiwe rangi ya mlango mpya uliopakwa vanishi. Hapo utamu wake wote umetoka. Ukikiacha kikawa rangi ya mlango ulioungua, anza upya.

Binzari nzima na mbegu za giligilani zikaange kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka harufu ikufikie ulipo. Wewe husikii, lakini pua yako naijua. Zitwange, zitie kwenye kichupa. Kijiko kimoja kwenye maharage au nyama, mwishoni, usikitie mapema.

Nyanya zibanike juu ya moto mpaka ngozi iwe nyeusi, zimenye, ziponde na kitunguu saumu. Zina ladha ya moshi, hutauliza chumvi iko wapi.

Samaki mbichi mpake tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na ndimu, umwache nusu saa kabla ya kumkaanga. Mayai yakoroge na hoho na majani ya giligilani.

Na hii ndiyo siri ya jikoni kwangu: ndimu. Lakini usiitie chakula kikiwa motoni, ladha inapotea na uchungu unabaki. Epua kwanza, kamulia, koroga, onja. Ukali wa ndimu unaushtua ulimi kama chumvi inavyoushtua. ONJA, baba. Kwanza kuonja, halafu kutia. Najua nakuomba kitu kigumu kuliko kuacha chumvi.

Wiki za mwanzo utaona kila kitu kimepooza. Vumilia. Ulimi hujifunza upya, mwezi mmoja au miwili hivi, na baadaye vyakula ulivyovipenda utaviona vya chumvi kupita kiasi.

Na kwa zile siku ambazo roho itagoma kabisa, nimekuwekea pakiti humu. Hii ni chumvi mbadala, si ya kawaida. Nyunyiza bila hofu.

Kunywa vidonge vyako. Kula. Mimi mwanao."

Ile pakiti aliinunua dukani mjini. Ilikuwa ya bluu, imechorwa moyo unaocheka, na muuzaji alimwambia wenye presha wote sasa wanatumia hiyo. Aliifunga pamoja na barua, akampa utingo, akalala akiwa mwepesi.

Habari zilizorudi zilikuwa tamu. Mama Pacha alisema harufu ya jikoni kwa mzee inavuka ukuta mpaka yeye anashona huku mate yanamtoka. Mzee anakula sahani mbili. Mzee amelileta kopo la chumvi mwenyewe, akaliweka juu ya cherehani bila neno, kama mtu anayesalimisha silaha. Barua ameibandika ukutani kwa misumari minne.

Siku ya kumi baada ya barua kufika, asubuhi, Mama Pacha aliacha ujumbe: "Baba yako anasema ile chumvi yako ni nzuri sana. Anatia kila mlo. Imefika nusu, utume nyingine. Leo amechoka kidogo, hajafungua karakana."

Mama Ukoko aliusoma akicheka. Muuguzi wa shule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, alikuwa jikoni akijaza chupa yake ya chai, na Mama Ukoko akamwambia, kwa kujisifu kidogo, jinsi alivyomfundisha mzee kula bila chumvi.

"Hongera," muuguzi alisema. "Na hiyo unayomtumia ni chumvi gani?"

"Mbadala. Ya wenye presha."

Muuguzi aliiweka chupa mezani. "Anatumia dawa gani?"

"Sijui majina. Picha ya karatasi ninayo."

Muuguzi aliisoma ile picha, akaikuza kwa vidole, akairudia. Mama Ukoko alimwangalia usoni, na kicheko chake kikamwishia mdomoni.

"Dada, nisikilize vizuri," muuguzi alisema. "Hiyo chumvi wametoa sodiamu, wakaweka potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima haina neno, inaweza hata kumsaidia. Lakini figo za baba zimeandikwa hapa kuwa zimechoka, na figo ndizo zinazotoa potasiamu mwilini. Na hivi vidonge vyake, hiki na hiki, vyote viwili vinaizuia isitoke. Inajaa kwenye damu. Ikizidi, inaugusa moyo."

"Inaugusa vipi?"

"Inavuruga mapigo." Alimrudishia simu. "Moyo unaweza kusimama."

"Lakini angeumwa. Angesema."

"Mara nyingi mtu hasikii kitu. Au anasikia uchovu tu. Miguu kuwa mizito."

Leo amechoka kidogo, hajafungua karakana.

Mama Ukoko alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, akiwa amesimama katikati ya jiko, na wasaidizi wake wawili wameacha kukata kabichi. Mara ya tatu Mama Pacha alipokea, cherehani ikilia nyuma yake.

"Nenda kwa baba! Sasa hivi! Mnyang'anye ile pakiti!"

"Kuna nini tena?"

"Nenda, nakuomba, usikate simu!"

Alisikia kandambili zikipiga sakafu, mlango, uani. Kisha kubisha. Kisha kubisha kwa nguvu. "Fundi! Fundi Randa!" Kisha sauti ya Mama Pacha, karibu, imebadilika: "Amejifungia kwa ndani. Siku zote huwa anaacha wazi. Nagonga, lakini si unajua hasikii. Dirisha ameweka pazia."

"Vunja."

"Nini?"

"Vunja dirisha, Mama Pacha! Vunja!"

Kioo kilivunjika. Mama Ukoko alikisikia, halafu hakusikia kitu. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alijiona akiwa amekaa juu ya gunia la mchele, kalamu mkononi, akiandika kwa mwandiko wake mzuri, nyunyiza bila hofu. Nimemuua, alifikiri. Nimemuua baba yangu kwa barua, naye ameibandika ukutani.

"Yuko kitandani," Mama Pacha alisema. "Macho yako wazi. Ananiangalia. Anasema..." Alilia kidogo, au alicheka. "Anasema nani atalipa hicho kioo."

"Miguu. Muulize miguu."

Ikabidi Mama Pacha aelekeze kwa vidole. Sauti ya Randa ilifika simuni, kubwa kama kawaida lakini imelegea pembeni, kama msumari usioshika. "Miguu imekuwa magogo, mama! Tangu jana! Na moyo unarukaruka kama kuku!"

Muuguzi alichukua simu kutoka mkononi mwa Mama Ukoko. Alisema polepole, kila neno mahali pake: tafuta teksi, msiende zahanati, nendeni hospitali kubwa moja kwa moja. Asitembee, abebwe. Beba ile pakiti na vidonge vyote. Ukifika mapokezi usikae foleni, sema mbele kabisa kwamba ana ugonjwa wa figo, anatumia vidonge hivi, na amekula chumvi ya potasiamu siku kumi. Rudia nilichosema. Mama Pacha akarudia. Rudia tena. Akarudia.

Mama Ukoko aliondoka na aproni yake kiunoni. Basi la saa tatu lilikuwa linawasha injini. Kwa saa tano alikaa dirishani, simu mapajani, asiweze kupiga kwa sababu aliogopa kitakachopokelewa, asiweze kuiweka mkobani kwa sababu aliogopa kutosikia. Jirani yake wa kiti alimpa chungwa. Alilishika mkononi njia nzima. Ujumbe mmoja ulifika: "Tumefika. Wamemchukua ndani." Halafu mtandao ukapotea, na baada ya hapo ilikuwa milima tu. Alijaribu kukumbuka nyuma ya ile pakiti palikuwa na nini. Maandishi, ndiyo. Madogo sana. Alikumbuka aliyaona, akasema moyoni atayasoma baadaye.

Mama Pacha alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, tepu ya kupimia ingali shingoni. Alisimama, wakakumbatiana bila kuulizana. Kisha akamwongoza kwa mkono kama mtoto.

Randa alikuwa amelala na nyaya kifuani. Kando ya kitanda mashine ilichora mstari wa kijani, na Mama Ukoko, asiyejua kuusoma, aliukodolea macho kana kwamba akipepesa tu utanyooka. Kwenye mkono kulikuwa na mrija wa dripu. Alionekana mdogo. Hakuwahi kumwona baba yake bila vumbi la mbao kichwani, hakujua kwamba nywele zake zimekuwa nyeupe kiasi hicho.

Daktari alikuwa kijana, na alizungumza naye pembeni. "Potasiamu ilikuwa sita na nusu. Kwa kawaida haitakiwi kupita tano. Mapigo yalishaanza kubadilika. Tumempa dawa ya mshipani ya kuukinga moyo, na insulini pamoja na sukari ya kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli. Sasa inashuka. Kidonge kimoja kati ya vile viwili tumekisimamisha."

"Atapona?"

"Leo usiku tutapima damu tena na tena. Siwezi kukuahidi kabla ya hapo." Aliitoa ile pakiti mfukoni mwa koti, akaigeuza na kumwekea kidole mahali. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Wenye maradhi ya figo au wanaotumia dawa za presha wasitumie bila ushauri wa daktari.

"Mimi ndiye niliyemtumia," alisema.

"Najua. Jirani amenieleza." Daktari aliirudisha pakiti mfukoni. Kisha akasema, "Ningesema sisi madaktari ndio tulipaswa kumwandikia. Tulimwambia aache chumvi, hatukumwambia asitumie nini badala yake. Wewe angalau ulimwandikia."

Hilo halikumsaidia wakati ule. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na kushika kidole gumba cha baba yake, kile kilichopungua ncha kwa msumeno. Mzee alifungua macho.

"Umekuja na aproni," alipiga kelele. Wodi nzima ikageuka.

Mama Ukoko alichukua kalamu na karatasi ya dawa, akaandika: Nisamehe baba. Ni ile chumvi niliyokutumia. Sikusoma nyuma.

Randa aliisoma akiwa ameiweka mbali na uso, maana miwani ilibaki nyumbani. Alipojibu, alijitahidi kunong'ona, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaweza.

"Niliogopa sana, mama. Si leo. Zile siku za kwanza. Kila kijiko nilimwona mdogo wangu. Kaburi nilishalichagua, mbao za jeneza nilishazitenga kule nyuma, mninga safi. Ilipokuja barua nikala." Aliikunja ile karatasi. "Mbaya ulikuwa mstari mmoja. Ile mingine usiifute."

Siku ya tatu potasiamu ilirudi chini ya tano, wakamtoa nyaya. Mtaalamu wa lishe wa hospitali alikaa na Mama Ukoko, akaipitia barua yote iliyoletwa na Mama Pacha, matundu manne ya misumari kwenye pembe. Ndimu, sawa. Vitunguu, tangawizi, pilipili manga, binzari, sawa kabisa. Maharage na nyanya, kidogokidogo kwa sasa mpaka damu ipimwe tena, maana navyo vina potasiamu. Ule mstari wa chumvi mbadala aliupiga wino mweusi, mara mbili, kisha akaandika pembeni: Usitumie kamwe.

Mama Ukoko aliomba likizo ya wiki mbili. Alimpikia baba yake mwenyewe, na kila mara kabla ya kupakua aligeuza kopo au pakiti yoyote aliyoitumia na kusoma nyuma, hata ya majani ya chai, mdomo ukichezacheza. Asubuhi aliamka kabla yake na kusimama mlangoni pa chumba chake, akingoja shuka lipande na kushuka. Mzee hakusikia nyayo zake, ila siku moja alimkuta amesimama hapo, akamwambia akalale, yeye bado ana meza sita za watu hajazimaliza.

Siku ya kurudi kazini walipita kwanza hospitalini kuchukua majibu. Figo hazikuwa zimepona, na hazitapona. Hazikuwa zimeharibika zaidi. Presha ilikuwa mia na arobaini na nne. Mama Ukoko aliisoma karatasi ile, akaigeuza nyuma. Hapakuwa na kitu. Akampa mzee aikunje mwenyewe, wakatoka kwenda kituoni, mzee akitembea mbele kidogo kwa miguu iliyoingia tena viatuni, akimwuliza kwa kelele, barabara nzima ikisikia, kama wali nao anaweza kuukamulia ndimu.